Mtandao ukikatika katikati ya kupakia: umebaki na rasimu moja au mbili?

Mstari wa upakiaji umefika asilimia 71, ukaganda. Baada ya sekunde kadhaa unatokea ujumbe mwekundu kwamba mtandao umekatika. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kupakia, unabonyeza tena, na mara nyingi hapo ndipo rasimu ya pili inapozaliwa.

Kinachochanganya ni kwamba upande wa seva kuna vitu viwili, ila kwenye skrini tunaviona kama kimoja. Kuna baiti za faili zenyewe, ambazo zinajazwa mahali fulani kidogo kidogo kama maji kwenye pipa. Halafu kuna rasimu: mstari kwenye hifadhidata wenye namba yake, kichwa, maelezo na tarehe ya kuundwa. Mifumo mingine hufungua rasimu kwanza, kisha ndiyo ikaanza kupokea baiti. Mingine hupokea baiti zote hadi ya mwisho, ndipo ikaandika rasimu. Ukijua mfumo wako ni wa aina gani, utajua pia nakala ya ziada itakuwa na sura gani: kwenye aina ya kwanza utakuta ganda tupu lenye kichwa bila faili, na kwenye aina ya pili utakuta nakala mbili nzima zinazofanana kama mapacha.

Tufuate kisa kimoja hadi mwisho. Ni mahojiano ya sauti, faili ya WAV inayoitwa `mahojiano.wav`, ya chaneli moja, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Urefu wake ni dakika 15 na sekunde 51, na ukubwa ni baiti 83,886,080. Mfumo unaopokea unatumia tus, itifaki ya wazi iliyotengenezwa mahsusi kwa upakiaji unaoweza kuendelezwa. Programu ya kupakia inaikata faili katika vipande vya baiti 16,777,216, kwa hiyo vitakuwa vipande vitano kamili. (Hesabu hazitoki sawasawa namna hii kila siku, nimeichagua saizi hii ili tusihangaike na masalia.)

Kabla baiti yoyote haijaondoka, programu inatuma ombi moja dogo la `POST` likisema: nina faili ya ukubwa huu, nitengee nafasi. Seva inajibu kwa msimbo 201, na ndani ya jibu kuna mstari wa `Location` wenye anwani ya upakiaji huo, mathalani `https://seva.example/files/a81f3c`. Anwani hiyo ndiyo kamba ya kushikilia. Kila kitakachofuata kinategemea kama bado unayo au umeipoteza.

Vipande vikaanza kwenda kwa maombi ya `PATCH`. Cha kwanza kikaingia, cha pili, cha tatu. Cha nne kikiwa kimepita nusu kidogo, mtandao ukakata.

Skrini inasema 71, lakini seva ina asilimia ngapi? Mstari ule unahesabu kilichotoka kwenye programu yako, na kutoka si kufika. Baiti zikishatoka kwenye programu zinakaa kwanza kwenye foleni ya mfumo wa kompyuta, zinapita angani, na mara nyingi zinapokelewa na seva ya mbele inayozikusanya kabla ya kuzikabidhi ndani. Seva ya mbele ikiwa imepangwa kukusanya kipande kizima ndipo ikikabidhi, kipande kilichokatika njiani hutupwa chote. Hivyo seva inaweza kuwa na vipande vitatu tu, yaani asilimia 60. Pia inaweza kuwa na zaidi, kama huandika kila baiti inapofika. Hakuna namna ya kubahatisha, unaiuliza.

```
curl -I -H "Tus-Resumable: 1.0.0" https://seva.example/files/a81f3c
```

Hilo ni ombi la `HEAD`. Halibadilishi chochote upande wa pili, kwa hiyo unaweza kulituma mara kumi bila madhara. Jibu likaja hivi:

```
HTTP/1.1 200 OK
Tus-Resumable: 1.0.0
Upload-Offset: 50331648
Upload-Length: 83886080
```

`Upload-Length` ni ukubwa tuliotangaza mwanzoni. `Upload-Offset` ni idadi ya baiti ambazo seva inazikubali kuwa inazo: 50,331,648, vipande vitatu kamili. Zimebaki 33,554,432. Programu nzuri hufanya mazungumzo haya yenyewe mtandao ukirudi, ndiyo maana utaona mstari ukirudi nyuma kutoka 71 hadi 60 kisha ukaanza kupanda. Watu wengi hushtuka wakiona hivyo na kughairi, wakidhani kazi imeharibika. Mstari unaorudi nyuma ni dalili njema: programu imeuliza na ikakubali hesabu ya seva. Wa kutiliwa shaka ni ule unaorudi sifuri, kwa sababu huo kwa kawaida umefungua upakiaji mpya.

Ukilazimika kuendeleza kwa mkono, amri ni hii:

```
tail -c +50331649 mahojiano.wav | curl -X PATCH -T - \
  -H "Tus-Resumable: 1.0.0" \
  -H "Upload-Offset: 50331648" \
  -H "Content-Type: application/offset+octet-stream" \
  https://seva.example/files/a81f3c
```

Tazama namba mbili zile. Kwenye `tail` ni 50331649, kwenye `Upload-Offset` ni 50331648. Si kosa la uchapaji. Itifaki inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo baiti inayofuata ina namba sawa na idadi ya zilizokwisha kufika. `tail` inahesabu kuanzia moja. Ukiandika namba ileile sehemu zote mbili, utarudia baiti moja iliyokwisha kufika, na sehemu iliyobaki itazidi kwa baiti moja. Seva ikiwa kali italikataa ombi. Ikiwa mpole itapokea hadi kufikia ukubwa uliotangazwa na kuitupa ile ya mwisho. Hapo utapata faili yenye ukubwa sahihi kabisa, 83,886,080, huku kila baiti baada ya mahali pa kuungia ikiwa imesogea nafasi moja. Kwenye sauti ya biti 16 kila sampuli ni baiti mbili, kwa hiyo kusogea kwa moja kunachanganya nusu ya sampuli hii na nusu ya ile. Mahojiano yataenda vizuri mpaka dakika ya 9 na sekunde 30, kisha yageuke makelele matupu hadi mwisho. Mtu aliyesikiliza dakika ya kwanza tu na kuangalia ukubwa wa faili ataapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Kosa la kinyume, yaani kutuma `Upload-Offset` isiyolingana na hesabu ya seva, halina madhara hayo. tus inaitaka seva ijibu 409 na isiguse chochote. Unauliza tena kwa `HEAD`, unarekebisha, unaendelea.

Huduma nyingine huuliza swali hilohilo kwa maneno mengine. Kwenye Google Drive, kwa mfano, unatuma `PUT` isiyo na mzigo, yenye `Content-Range: bytes */83886080`, na jibu ni msimbo 308 wenye mstari kama `Range: bytes=0-50331647`. Angalia tena ile moja: hapa seva inataja namba ya baiti ya mwisho iliyofika, kwa hiyo unaanzia 50331648. Mstari wa `Range` usipokuwepo kabisa, maana yake hakuna hata baiti moja iliyohifadhiwa.

Sasa, wengi wetu hatupakii kwa amri. Tunapakia kwenye kivinjari, na kivinjari kinaikumbukaje ile anwani baada ya ukurasa kufungwa? Maktaba ya tus ya JavaScript inaihifadhi kwenye `localStorage`, kumbukumbu ndogo ambayo kivinjari huitunzia tovuti, na ili kuitambua faili utakapoichagua tena, inatengeneza utambulisho kutokana na jina la faili, aina yake, ukubwa, tarehe ya mwisho ya kubadilishwa na anwani ya seva. Yaliyomo ndani haiyasomi. Hapo ndipo tabia ndogondogo zinapotugharimu. Ukibadilisha jina kutoka `mahojiano.wav` kuwa `mahojiano-mapya.wav` ili "kujaribu tena kwa usafi", kwa maktaba hiyo ni faili nyingine na utaanza sifuri. Ukiifungua kwenye programu ya sauti na kuihifadhi upya bila kubadilisha kitu, tarehe inabadilika, unaanza sifuri. Ukihamia kivinjari kingine, dirisha la faragha au kompyuta ya jirani, kumbukumbu haipo, unaanza sifuri. Kwenye simu kuna mtego zaidi: baadhi hutengeneza nakala mpya ya video kila unapoichagua kutoka kwenye picha zako, na nakala hiyo inaweza kuwa na tarehe au hata ukubwa tofauti. Dawa yake ni kuiweka video kwanza kwenye folda ya mafaili na kuichagua kutoka huko.

Na kama ukurasa umefungwa, usishangae ukiambiwa uchague faili tena. Kivinjari hakiruhusu ukurasa kuendelea kuisoma faili yako baada ya kufungwa. Kuchagua tena si kupakia upya. Chagua ileile, halafu tazama mstari unaanzia wapi.

Basi nakala ya pili inatoka wapi hasa? Watu hulaumu kukatika kwa baiti katikati, lakini hapo ndipo mahali salama kuliko pote, maana pipa ni lilelile na anwani ni ileile. Hatari iko kwenye ncha mbili.

Ncha ya kwanza ni ile `POST` ya kuomba nafasi. Seva imepokea ombi, imetenga nafasi, huenda na rasimu imeandikwa, kisha jibu lenye `Location` likapotea njiani. Programu yako haina anwani, kwa hiyo haina pa kuuliza. Inatuma `POST` nyingine na kupewa nafasi nyingine. Ile ya kwanza inabaki huko ikiwa na baiti sifuri.

Ncha ya pili ni mbaya zaidi kwa macho ya mtumiaji. Baiti ya mwisho imefika, seva imekamilisha na kuandika rasimu, kisha mtandao ukakatika kabla jibu la 204 halijarudi. Wewe unaona "imeshindikana" kwenye asilimia 99 au 100. Seva inajua imefanikiwa. Kutoka upande wako, ombi lililopotea na jibu lililopotea vinafanana kabisa. Wataalamu wa kompyuta huliita tatizo la majenerali wawili, jina lililotumiwa na Jim Gray mwaka 1978, na limethibitishwa kwamba hakuna idadi ya ujumbe wa kuthibitisha itakayoliondoa kwenye njia inayopoteza ujumbe. Unachoweza ni kuuliza kabla ya kurudia. Tuma `HEAD` kwenye anwani ileile. Ikirudi na `Upload-Offset: 83886080`, sawa na `Upload-Length`, kazi imekwisha. Usitume kitu kingine.

Waliojenga mifumo wana njia ya kuiziba mianya hii miwili: mteja abuni utambulisho kabla ya kutuma, ili ombi la pili litambulike kuwa ni lilelile. Drive inakuruhusu kuomba namba za faili mapema kwa `files.generateIds`. Ukitumia namba hiyo na ukarudia ombi ambalo lilishafanikiwa, unapata 409 badala ya faili ya pili. Kama wewe ndiye unayeandika programu, hili ndilo la kufanya kwanza kabla ya kupamba mstari wa asilimia.

Upande wa anayepakia, uhakiki ni kazi ya dakika tano, na nimejifunza kuufanya kwa mpangilio baada ya kuungua. Wakati fulani nilikuta rasimu mbili zenye kichwa kimoja kwenye mfumo niliokuwa nautumia kazini. Ya zamani ilionekana haijakamilika, nikaifuta bila kuifungua. Kumbe ndiyo iliyokuwa na maelezo yote niliyoyaandika wakati faili inapanda, na ndiyo ambayo wenzangu walikuwa na kiungo chake. Ile mpya ilikuwa na sauti nzima na kichwa, basi.

Siku hizi naanza na orodha ya rasimu, nikiwa nimeifungua upya kabisa, si kwa kurudi nyuma kwenye ukurasa uliokuwa wazi, kwa sababu kivinjari hupenda kukuonyesha picha ya zamani kutoka kwenye akiba yake. Naipanga kwa tarehe ya kuundwa, si ya kubadilishwa. Rasimu iliyoundwa saa 4:12 na nyingine saa 4:31, pande mbili za mtandao kukatika, ni mashahidi wazuri. Naangalia pia kama orodha ina kichujio kinachoficha zilizoshindikana au zinazosubiri kuchakatwa, maana ganda tupu hupenda kukaa huko.

Nikikuta mbili, swali la kwanza ni kama ni mbili kweli. Orodha inaweza kuonyesha rasimu moja mara mbili, hasa ukurasa wa kwanza na wa pili unapopakuliwa huku orodha inabadilika. Nafungua kila moja na kusoma namba kwenye anwani ya kivinjari. Namba ikiwa ileile, ni moja. Kama mfumo hauonyeshi namba, kuna ujanja: naongeza alama kwenye kichwa cha moja, tuseme nyota mwishoni, nahifadhi, kisha nafungua orodha upya. Nyota ikitokea kwa zote mbili, ni rasimu moja iliyoonyeshwa mara mbili, na ukifuta "mojawapo" umefuta kazi yako yote.

Zikiwa mbili kweli, nachunguza ipi ina faili nzima. Ukubwa unatupa jibu la haraka, lakini tumeona kwenye kisa cha baiti iliyosogea kwamba ukubwa haushuhudii yaliyomo. Kama mfumo unahifadhi faili kama ilivyo, naipakua kutoka kwenye rasimu na kulinganisha:

```
sha256sum mahojiano.wav mahojiano-kutoka-rasimu.wav
```

Kila mstari unaanza na mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kisha jina la faili; mifuatano hiyo miwili ikifanana herufi kwa herufi, baiti ni zilezile. Ikitofautiana hata herufi moja, kuna kitu kimeharibika. Njia hii haifai kwa mifumo inayogeuza video au sauti kuwa muundo mwingine baada ya kupokea, kwa kuwa kinachopakuliwa hakiwezi kufanana na kilichotumwa. Huko naruka moja kwa moja hadi mahali mtandao ulipokatika, sekunde kadhaa kabla na baada, kisha mwisho wa faili. Kwa mahojiano yetu, seva ilikuwa na baiti 50,331,648, na sauti hii inatumia baiti 88,200 kwa sekunde: ukigawanya unapata dakika 9 na sekunde 30. Hapo ndipo pa kusikiliza.

Kisha uamuzi wa ipi ibaki. Kigezo changu ni kiungo na maelezo, na faili inafuata baada ya hapo. Faili inaweza kupakiwa tena; kiungo kilichokwisha sambazwa hakirudi. Kama rasimu ya zamani ndiyo yenye viungo na maelezo, na mfumo unaruhusu kubadilisha faili ndani ya rasimu, naiacha hiyo na kuiingizia faili nzima. Nikimaliza ndipo nafuta nyingine.

Kuna hali moja ambayo kuanza upya ni halali: ukiuliza kwa `HEAD` na seva ikajibu 404 au 410. Anwani haipo tena. Mifumo mingi huweka muda wa kusubiri. Kwenye Google Drive, anwani ya upakiaji hudumu wiki moja, na seva za tus zinaweza kutaja mwisho wake kwenye mstari wa `Upload-Expires`. Lakini baiti kufutwa si lazima rasimu nayo iwe imefutwa. Kwenye mifumo inayofungua rasimu kwanza, ganda linaweza kubaki wiki kadhaa baada ya faili yake kuondolewa, kwa hiyo litafute na kulifuta kabla ya kufungua jingine lenye kichwa hichohicho.

Mwisho kuna masalio ambayo hayaonekani kwenye orodha yoyote ya rasimu: upakiaji uliotelekezwa nusu. Amazon S3, huduma ya kuhifadhi mafaili ndani ya "ndoo", ni mfano unaojulikana. Vipande vya upakiaji ambao haukukamilishwa havionekani ukiorodhesha mafaili, ila vinachukua nafasi na vinalipiwa mpaka uvifute. Unauona upakiaji wa namna hiyo kwa amri yake maalumu:

```
aws s3api list-multipart-uploads --bucket jina-la-ndoo
```

Kila upakiaji unakuja na `UploadId` na `Key`, na hizo mbili, pamoja na jina la ndoo, ndizo unazozihitaji kuufuta kwa `abort-multipart-upload`. Kwenye tus, kama seva inaruhusu, unatuma `DELETE` kwenye anwani ya zamani na kupata 204. Baada ya hapo uliza mara ya mwisho kwa `HEAD`. Ikirudi 404 au 410, pipa la zamani limeondoka.